Oili ya CVT si Kilainishi Tu, ni Spea

Wasomi wenzangu, kuna kauli moja inazunguka magereji yetu na tumeizoea kiasi kwamba hata sisi tunaotoka madarasa ya ufundi mitambo tunaitikia kwa kichwa: "Oili ya gia ni oili ya gia, boss, ilimradi gari ni otomatiki." Kwa magari mengi ya zamani kauli hii ilikuwa na nusu ya ukweli. Kwa gari lenye giaboksi ya CVT haina hata robo. Hoja yangu ni hii: oili ya CVT siyo kitu cha kumwagia mashine ili isisagike tu. Ni sehemu ya mashine yenyewe, kama ilivyo mkanda, puli na valvu. Mtengenezaji aliichagua pamoja na vitu hivyo, akapiga hesabu zake juu yake, na ukiibadilisha kwa oili ya kubahatisha unakuwa umebadilisha spea bila kujua.

Nawaandikia wanafunzi kwa sababu jambo hili limetufikia. Wapo kati yetu ambao ada inatoka kwenye gari dogo la nyumbani linalobeba abiria kwa mtandao. Wapo walio kwenye mafunzo kwa vitendo kila likizo, wakishika spana chini ya magari haya haya. Na magari mengi madogo ya Kijapani yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika yana giaboksi ya aina hii. Giaboksi ikifa, bei ya kuibadilisha inaweza kula muhula mzima.

Tuanze na kitu unachokiona mtaani. Skuta, ile pikipiki isiyo na gia za mguuni, nayo inatumia CVT. Ndani ya kifuniko cha pembeni kuna puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa mpira kati yao. Pande mbili za puli zikisogeleana, mkanda unapanda juu; zikiachana, unazama chini. Kwa kupanda na kuzama huko, uwiano wa mwendo unabadilika polepole bila kuruka kutoka gia hadi gia. Fundi wa skuta yeyote atakwambia kwamba adui wa kwanza wa mkanda ule ni oili. Sili ikivuja oili ikagusa mkanda, skuta inanguruma lakini haiendi.

Gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi likiwa na mfumo huu lilifuata njia hiyo hiyo. Ni DAF la Uholanzi mwaka 1958, kazi ya Hub van Doorne, na lilitumia mikanda ya mpira inayofanya kazi ikiwa kavu. Hapakuwa na swali la oili gani uweke kwenye mkanda, kwa kuwa jibu lilikuwa usiweke kabisa. Swali lilikuja baadaye, mpira ulipobadilishwa kuwa chuma ili mkanda uhimili injini zenye nguvu zaidi. Mkanda wa chuma una vipande vyembamba takriban 400 vilivyopangwa kama karata na kushikiliwa na pete nyembamba za chuma. Chuma kikisugua chuma bila oili kinaungua, kwa hiyo mkanda huu ulilazimika kuishi ndani ya oili. Subaru Justy ya mwaka 1987 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa ukiwa ndani yake.

Hapo ndipo utata ulipoanza. Mkanda hauna meno. Unavuta gari zima kwa msuguano tu, pale ubavu wa kila kipande unapobanwa na kuta za puli. Oili tunayoijua kazi yake ni kupunguza msuguano. Sasa unahitaji oili itakayozuia chuma kisisagane na chuma, na wakati huo huo isiruhusu chuma kuteleza juu ya chuma. Ni kama kumwambia mtu apake sakafu mafuta lakini watoto wasianguke.

Wahandisi walilitatua hivi. Kwanza, mbavu za vipande vya mkanda zina mifereji myembamba sana, ili oili nyingi ikimbilie humo pale kipande kinapobanwa. Pili, oili yenyewe imewekewa viambata vya kemikali ambavyo kwa joto na mgandamizo vinajenga utando mwembamba mno juu ya chuma. Utando huo ndio unaozuia kusagika, na ndio unaoamua mshiko utakuwa mkubwa kiasi gani. Kwa maneno mengine, mshiko wa CVT hautoki kwenye chuma peke yake. Unatoka kwenye chuma pamoja na kemia ya oili. Badilisha viambata, na umebadilisha mshiko hata kama oili inaonekana safi na laini ukiishika kwa vidole.

Tulifanyie hesabu, maana wengi wetu tumepita kwenye somo la msuguano. Nguvu ya kuzungusha ambayo puli inaweza kuipitisha kwenye mkanda bila kuteleza inakadiriwa hivi:

```
T = 2 × μ × F × R ÷ cos α
```

Hapa `μ` ni kipimo cha msuguano kati ya mkanda na puli, `F` ni nguvu ya kubana puli, `R` ni umbali kutoka katikati ya puli hadi pale mkanda ulipokaa, na `α` ni mwinamo wa ukuta wa puli, ambao kwa kawaida ni nyuzi 11. Kosaini yake ni 0.98.

Chukua gari dogo lenye injini ya lita 1.5 inayotoa nyutoni-mita 140. Namba zinazofuata nimezichagua kwa mfano, lakini ziko kwenye ukubwa unaokaribia hali halisi. Mkanda umekaa umbali wa milimita 35 kutoka katikati, kama unavyokuwa gari linapopanda mlima. Kompyuta ya giaboksi imeagiza puli ibanwe kwa nyutoni 25,000, sawa na uzito wa tani mbili na nusu. Kwa oili sahihi, tuseme kipimo cha msuguano ni 0.09. Zidisha na ugawanye: mkanda unaweza kupitisha nyutoni-mita 160. Injini inatoa 140. Una akiba ya 20, mambo shwari.

Sasa weka oili nyingine inayoshusha msuguano hadi 0.07. Puli ni zile zile, mkanda ni ule ule, nguvu ya kubana ni ile ile. Jibu linakuwa 125. Injini bado inatoa 140. Mkanda unateleza.

Mtu atauliza kwa nini kompyuta isiongeze tu nguvu ya kubana. Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha makala hii. Kompyuta haina ulimi wa kuonja oili. Ina sensa za presha, za mwendo wa puli na za joto, lakini haina sensa ya msuguano. Ile namba ya msuguano iliandikwa kiwandani, ikapimwa kwa oili iliyoteuliwa, na kompyuta inaiamini kama sisi tunavyoamini jedwali la nyuma ya kitabu. Na mtengenezaji hawezi kuongeza akiba kubwa ili kumfurahisha kila mwenye gereji, kwa sababu kubana puli kunatumia pampu, pampu inakula nguvu ya injini, na nguvu ya injini ni petroli. Gari linanunuliwa kwa sifa ya kula mafuta kidogo. Kwa hiyo akiba inapunguzwa hadi pale inapotosha kwa oili ile, na si zaidi.

Hadi hapa tumeona kwa nini oili ya otomatiki ya kawaida, ile ATF, haifai. ATF iliundwa kwa giaboksi zenye sahani za klachi zinazoshikana polepole, na ina viambata vya kulainisha mshiko ili abiria asitikiswe gia inapobadilika. Ulaini huo ni sifa njema kwa giaboksi ile na ni ugonjwa kwa mkanda wa chuma. Oili nzito ya gia za kawaida, ile inayoitwa tisini, ni mbaya zaidi. Iliundwa kwa meno ya gia za difu, ikiwa na viambata vya kufanya chuma kiteleze chini ya mgandamizo mkubwa, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Isitoshe ni nzito mno. Oili ya CVT ikipata moto wa nyuzi 100 mnato wake ni takriban nusu ya ule wa tisini, na nyingine ni nyepesi zaidi. Pampu na valvu ndogo za umeme za CVT haziwezi kusukuma uji pale zilipopangiwa maji ya kunde.

Lakini bado hatujajibu swali gumu zaidi: kwa nini oili ya CVT ya Nissan isiingie kwenye Honda, au ya Honda isiingie kwenye Toyota? Zote si ni CVT?

Jibu ni kwamba mkanda hauko peke yake ndani ya ile oili. Oili moja inahudumia sehemu nyingine za msuguano, na hapo kila kampuni ilifuata njia yake. CVT za Toyota na za Nissan, kwa sehemu kubwa, zinapokea nguvu ya injini kupitia chombo kinachozungushwa kwa oili, chenye klachi ndogo ndani inayofunga gari likishika mwendo. Klachi hiyo imebandikwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu, na inataka oili ambayo msuguano wake haupandi ghafla mwendo unapopungua, la sivyo inashika na kuachia, inashika na kuachia, na gari linatetemeka. Honda kwenye CVT zake za mwanzo, kama za Fit ya kwanza, haikutumia chombo hicho. Iliweka klachi maalumu ya kuondokea inayolowa kwenye oili, na gari lote linaanza kutembea kwa klachi hiyo kuteleza kidogo kidogo. Subaru nayo kwenye CVT zake za baadaye iliacha mkanda ikatumia mnyororo wa chuma ambao ncha za pini zake ndizo zinazogusa puli, kwa eneo dogo zaidi na mgandamizo tofauti.

Kwa hiyo kila kampuni ina oili inayotakiwa kuridhisha pande mbili au tatu kwa wakati mmoja: ishike chuma kwa chuma, iwe laini kwenye klachi, na ipite vizuri kwenye valvu. Uwiano wa mahitaji hayo haufanani. Na usidhani basi oili yenye mshiko mkali zaidi itafaa kila mahali. Mshiko ukizidi unaleta kelele na mitikisiko, na klachi ya kuondokea iliyozoea ulaini itaanza kukurupuka kila unapoachia breki.

Ndiyo maana majina ni mengi. Nissan ina NS-2 na NS-3. Toyota ina TC na FE. Honda ilianza na HMMF ikaja na HCF-2. Mitsubishi ina CVTF-J1 na CVTF-J4. Angalia kwamba hata ndani ya kampuni moja majina ni tofauti, kwa sababu giaboksi mpya ilitengenezwa kwa oili nyepesi zaidi ili kuokoa petroli. Kwa oili ya injini tuna lugha ya pamoja. Ukisoma 5W-30 na daraja la ubora pale kwenye kopo, unajua kinachofaa bila kujali nani kalitengeneza gari. Kwa CVT hakuna daraja la namna hiyo ambalo kampuni zote zimekubaliana. Jina la oili ya kampuni ndilo daraja lenyewe.

Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata wajanja. Magari ya haiburidi ya Toyota, kama Prius na Aqua, matangazo huyaita CVT. Ndani yake hakuna mkanda wala puli za koni. Kuna gia za meno na mota za umeme, na oili iliyoteuliwa kwa ajili yao ni ATF WS. Huko ukiweka oili ya CVT kwa sababu tangazo lilisema CVT, umekosea kwa upande wa pili. Kwa hiyo hata neno CVT lenyewe halitoshi. Unahitaji jina kamili.

Sasa tuone inavyokuwa kwa vitendo. Mwenzangu wa bwenini alinisimulia yaliyompata mjomba wake, mwenye gari dogo la lita 1.5 alilokuwa akilitumia kusafirisha watu Dar. Alipeleka gari kumwaga oili. Giaboksi inabeba takriban lita 8, lakini ukifungua nati ya chini zinatoka kama 4 tu; nyingine zinabaki kwenye njia na vyumba vya ndani. Fundi akamwambia, "Mzee, hii ya kwako ni bei juu na haipatikani. Weka hii ATF, wote wanaweka." Zikaingia lita 4 za ATF, zikachanganyika na lita 4 za zamani. Nusu kwa nusu.

Siku mbili za kwanza mjomba alisifia. Gari lilikuwa laini kuliko awali. Hapa nataka tusimame kidogo, maana ulaini huu ndio unaowafanya watu waape kwamba ATF inafaa. Bila shaka gari ni laini, umepunguza msuguano! Mjini, ukiendesha taratibu, injini haitoi zile nyutoni-mita 140. Inatoa 40 au 60, na mkanda wenye uwezo uliopungua bado unamudu. Kosa lipo, ila halijaitwa.

Liliitwa Kitonga. Alikuwa anakwenda Iringa na watu watano, mizigo nyuma, jua la mchana. Kwenye mlima mshale wa mizunguko ya injini ulipanda lakini mwendo ukabaki ule ule, kisha ukasikika mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo. Alipofika tambarare gari likawa linatetemeka kila akishika mwendo wa wastani huku mguu ukiwa mwepesi kwenye pedeli. Hizo ni dalili mbili tofauti za kosa moja. Mizunguko kupanda bila mwendo ni mkanda kuteleza. Kutetemeka kwa mwendo wa wastani mara nyingi ni ile klachi ndogo ya karatasi kushika na kuachia.

Sampo ilipofunguliwa, sumaku zake zilikuwa na vijisindano vinavyometa. Kwa kawaida sumaku hukuta ujiuji wa kijivu, laini kama wanja, na hilo halitishi. Ni uchakavu wa kila siku. Vijisindano vinavyometa ni habari nyingine. Vinaonyesha kwamba chuma kimekwanguana. Na kwangua hiyo haiponi. Ukuta wa puli ukishapata mkwaruzo, mkanda unaupita mara maelfu kwa dakika, unazidi kuuchimba, na unga unaotoka unakwenda kukwama kwenye valvu. Hata ukirudisha oili sahihi siku ya pili, umerudisha msuguano, hujarudisha ukuta wa puli.

Hasa kwa sababu hiyo, naona jibu la "mbona fulani aliweka na gari linatembea" halina uzito. Linatembea kwa sababu halijakutana na Kitonga yake. Akiba ya mtengenezaji inamlinda kwa muda, kama mwanafunzi aliyeingia mtihanini na alama nzuri za majaribio. Anaweza kuponea. Lakini hatujasema amesoma.

Kuna pingamizi la pili ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi: kwamba haya yote ni biashara ya kampuni ili tununue kopo lao la bei kubwa. Ni kweli kampuni za magari zinapata faida kwenye oili. Ni kweli pia kwamba kwa kawaida hazichanganyi oili hizo zenyewe. Kampuni za mafuta huwatengenezea na kubandika nembo yao. Kwa hiyo simtetei mtu yeyote anayesema lazima kopo liwe na nembo ya gari lako. Oili ya kampuni nyingine inaweza kufaa kabisa, iwapo mtengenezaji wake ameandika kwenye kopo jina la oili inayotakiwa na gari lako, kwa mfano NS-3 au TC, na amekubali kubeba dhamana hiyo. Zipo oili zinazoorodhesha majina mengi kwa pamoja. Hizo ni maafikiano. Huenda zisilingane sawasawa na kila moja, lakini angalau mtu amezipima kwa kazi ya mkanda wa chuma. Kopo lililoandikwa "CVT" pekee bila jina lolote halijakuahidi chochote. Na ATF au tisini haziingii kwenye mjadala huu hata kidogo. Rangi nayo isikudanganye, ni rangi tu iliyotiwa. Oili mbili za kijani zinaweza kuwa watu wawili wasiojuana.

Pingamizi la tatu ni la hali yetu: oili sahihi haipatikani mikoani, na kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani au hakipo kabisa. Hili ni la kweli, na ushauri wangu hapa utawashangaza baadhi ya mafundi. Kama giaboksi haivuji na oili imetimiza tu muda wake, subiri. Oili ya zamani iliyo sahihi ni bora kuliko mpya isiyo sahihi. Oili iliyochoka imepoteza sehemu ya sifa zake. Oili isiyo yake haikuwahi kuwa nazo. Wiki mbili au tatu za kusubiri kopo lisafirishwe kwa basi kutoka Dar hazitaua giaboksi iliyokuwa nzima. Ila kama inavuja na kina kimeshuka, hapo usiendeshe, maana pampu ikivuta hewa presha ya kubana inaondoka, na tunarudi kwenye ile hesabu yetu, safari hii `F` ndiyo iliyoanguka.

Kuhusu kupata jina, anza chini ya boneti. Baadhi ya magari yana kijiti cha kupimia oili ya giaboksi au kifuniko kilichopigwa chapa ya jina la oili. Kikikosekana, namba ya chesisi inamwezesha muuza spea mwenye katalogi ya gari hilo kupata aina ya giaboksi na oili yake. Lipige picha jina hilo, litunze kwenye simu, mtumie na aliye nyumbani. Usitegemee jina la modeli peke yake, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na toleo lenye CVT na toleo lenye gia nne za kawaida, na nje yakafanana kama pacha.

Na kama ATF imeshaingia? Usiendeshe ukasema utaona kwanza. Mwaga na ujaze oili sahihi, ukikumbuka ile hesabu ya lita 8 na 4. Baada ya kumwaga mara moja, nusu ya uchafuzi inabaki. ATF ilikuwa asilimia 50, inakuwa 25. Mara ya pili inakuwa 12.5, mara ya tatu kama 6. Kati ya kila mara, injini iwashwe na gia zipitishwe gari likiwa limesimama ili oili ichanganyike. Ni lita 12 za oili sahihi kufuta kosa la lita 4. Bei inauma, ndiyo, lakini bado ni ndogo kuliko giaboksi. Kina nacho kipimwe oili ikiwa kwenye joto lililoelekezwa kwa giaboksi hiyo, si baridi ya asubuhi, kwa kuwa oili inatanuka ikipata moto na kipimo cha baridi kinadanganya.

Mwisho niseme ninachokitaka, maana makala ya maoni bila dai ni hadithi. Sidai mafundi wetu wa mtaani walaumiwe. Wengi walijifunzia kwenye magari yenye gia nne, na kwa magari yale ufundi wao unasimama. Nadai vitu viwili vidogo. Gereji yoyote inayomwaga oili ya giaboksi iandike kwenye risiti jina kamili la oili iliyoingia na lita zilizoingia, siyo "oili ya gia" tu. Jina likiandikwa, atakayelifungua gari mwaka ujao atajua anachokikuta, na mwenye gari atakuwa na pa kuanzia likitokea tatizo.

La pili linatuhusu sisi tunaokwenda mafunzo kwa vitendo. Unapokabidhiwa gari la CVT na kopo ambalo hujasoma jina lake, soma. Kama halilingani, sema, kwa heshima, "Samahani fundi, hii imeandikwa TC na kijiti kinasema FE, tuulize kwanza." Hakuna fundi mzoefu atakayechukia swali lenye ushahidi mkononi, na kama atachukia, mwenye gari aliyesimama pembeni atakuwa amesikia.